Nimefunga Ishirini na Saba

Wamucii alikuwa na namna yake ya kukagua chumba cha wageni. Hakuanza na kitanda, kama wanavyofanya wasichana wapya wanaopenda kunyoosha shuka. Alianzia mlangoni akafuata ukuta wa kushoto, akazunguka mpaka akarudi mlangoni. Kitasa, komeo, swichi, soketi, dirisha, dari, kabati, taa ya kusomea. Bafu alilimaliza mwisho kwa sababu ndilo lililomtia hofu. Alipokuwa akizunguka, macho yake yalitafuta ubaya kama ya mama anayemtazama mtoto aliyekataa chakula: anamgusa paji la uso, anamwangalia ulimi, hajaamini bado.

Alikuwa ameishia darasa la nane, akaolewa Ruring'u, akazaa watoto wanne, Gicheru akiwa wa kwanza, na kazi ya hoteli aliianzia kwenye chumba cha kufulia. Sasa alikuwa mkaguzi wa vyumba katika hoteli moja ya orofa tatu mjini Nyeri, ile ambayo madirisha yake ya nyuma yanautazama Mlima Kenya siku mlima unapokubali kuonekana. Siku hiyo ya Julai haukuonekana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la jikoni, na baridi ilikuwa ile ya kuuma masikio.

Hoteli ilikuwa ikingojea akina mama wa kanisa kutoka Mwea waliokuwa wakija kwa semina. Walitazamiwa jioni. Lakini kabla hata harufu ya chakula cha mchana haijatoka jikoni, meneja, Bwana Ngatia, alipanda ngazi akihema.

"Mama Gicheru, watu wako Karatina tayari. Basi lao liliondoka mapema. Vyumba viko wapi?"

"Viko mahali pao, Bwana Ngatia. Ni mimi nakimbia."

"Kimbia zaidi. Hao wametoka kwa joto, wakifika hapa kitu cha kwanza ni maji moto."

Wamucii akakimbia. Katika chumba cha kumi na tisa taa ya kitandani ilikuwa imeungua. Katika cha ishirini na mbili mpini wa kabati ulikuwa umelegea. Hayo aliyatuma kwa fundi kwa simu, kila moja na namba yake, na vyumba akaviacha viuzwe, kwa maana taa hubadilishwa mgeni akinywa chai. Kosa dogo halifungi chumba. Kinachofunga chumba ni kitu kinachoweza kumwumiza mtu, au kumnyima usingizi, maji au mlango.

Akaingia ishirini na saba. Chumba kilinukia unyevu kidogo, basi akakifungua dirisha na kusukuma pazia pembeni hewa ipite. Kitanda safi. Dari safi. Bafuni akafungua bomba la shawa, akatoka nje ya mlango wa bafu, akawasha ile swichi yenye taa nyekundu inayochemsha maji ya shawa, akarudi na kupeleka mgongo wa mkono kwenye maji kuona kama yanapata moto.

Maji yalimng'ata.

Haukuwa moto. Kilikuwa kitu chembamba kilichoingia kwenye vidole na kupanda mpaka kwenye kiwiko, kikamtupa mkono ubavuni. Wamucii alirudi nyuma hadi akagonga mlango. Moyo ulikuwa ukipiga hadi kwenye meno. Viatu vyake vya mpira, alifikiri; ni viatu vya mpira tu vilivyoniokoa. Mtu huoga miguu mitupu.

Alizima swichi kwanza, ndipo akafunga bomba akiwa ameshika kitambaa kikavu. Akampigia fundi, Mbae, Mmeru mwenye maneno machache.

"Mbae, shawa ya ishirini na saba inapiga watu na stima."

"Umezima?"

"Nimezima swichi ya mlangoni."

"Haitoshi, mtu anaweza kuwasha. Lazima nikate kwa boksi. Lakini niko hapa chini, pampu imekataa, nikiiacha hakuna maji hoteli nzima. Funga chumba, nakuja."

Katika hoteli ile, kufunga chumba lilikuwa neno la kazi. Maana yake si kutia ufunguo. Maana yake ni kukitoa chumba sokoni: mapokezi wanakiweka chekundu kwenye kompyuta pamoja na sababu, ufunguo wake unatolewa kwenye msumari na kupelekwa kwa fundi, na hakuna anayekigusa tena mpaka fundi atengeneze na mkaguzi akikague upya. Wamucii alipaswa kushuka mwenyewe, aseme, achukue ufunguo. Ndivyo alivyofanya siku zote. Lakini basi lilikuwa njiani na kulikuwa na vyumba mbele yake havijaguswa. Akafunga mlango kwa ufunguo wake wa vyumba vyote, akapiga simu ya ndani.

Mapokezi alikuwa Ntinyari, msichana aliyeanza kazi wiki ile ile, akitoka nyumba ya wageni kule upande wa Meru. Sauti yake ilikuwa tamu na ya haraka, na nyuma yake simu nyingine ilikuwa ikilia.

"Mapokezi, karibu."

"Ntinyari, ni Mama Gicheru. Ishirini na saba nimefunga."

"Umefunga? Sawa, Mama Gicheru, asante sana!"

Ile asante sana ilimkaa Wamucii sikioni kidogo, kwa sababu hakuna mtu wa mapokezi anayeshukuru kunyang'anywa chumba siku hoteli imejaa. Alisimama na simu mkononi. Kisha msichana wa usafi akamwita kutoka chumba cha thelathini kwamba choo hakivuti, akaenda.

Basi liliingia na nyimbo. Akina mama walishuka wakiwa wamejifunga leso juu ya sweta, sweta juu ya sweta, wakilia kwa mzaha.

"Hii ni Nyeri ama ni friji?"

"Kunywa chai uache kelele. Ulifikiri mpunga unapandwa hapa?"

Wamucii aliwasikia kutoka juu. Vyumba vilikuwa vimekamilika isipokuwa kile kimoja, na Mbae alikuwa bado na pampu. Blanketi za ziada hazikutosha, kwa hiyo akashuka kwa ngazi za nyuma hadi uani, kwenye chumba cha kufulia, kuchukua nyingine. Alitoka na rundo kifuani, kidevu juu yake. Akainua macho tu, kama alivyozoea kuinua macho nyumbani kwake kuhesabu watoto.

Orofa ya pili, dirisha la tatu kutoka kona. La ishirini na saba. Alikuwa ameliacha wazi.

Lilikuwa limefungwa. Na pazia lilikuwa limevutwa.

Blanketi zilianguka kwenye saruji yenye maji. Hakuziokota. Alipanda ngazi akishika ukuta, goti moja likilalamika, na kichwani mwake hakukuwa na sala wala wazo, ila ile asante sana ikijirudia. Umefunga? Sawa.

Mlango wa ishirini na saba ulikuwa umefungwa kutoka ndani. Alitia ufunguo wake, kitasa kikazunguka, mlango ukasogea kidogo sana na kugonga komeo. Kupitia ule ufa alisikia maji. Yalikuwa yakishuka kwa nguvu, na juu yake sauti ya mwanamke mzee ikiimba wimbo wa kanisa kwa Kikikuyu, polepole, kama mtu anayefurahia kuwa peke yake.

"Mama! Mama, toka kwa maji!"

Wimbo uliendelea.

"Mama! Usiguse bomba!"

Mlango wa jirani ukafunguka, mama mmoja wa Mwea akatoa kichwa, nywele zimejaa sabuni. "Unaita nani? Huyo ni mzee wetu, Cucu Wakonyo. Sikio moja halisikii na lile lingine linachagua. Ni nini?"

"Ameingia kuoga saa hii?"

"Si ndiyo huyo anaimba. Alisema anaanza na karai kwanza, hiyo mvua yenu ikipata moto, halafu ndiyo aijaribu."

Wamucii alikuwa ameshageuka. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na stoo ya mashuka, na nyuma ya mlango wa stoo kulikuwa na boksi la stima la orofa nzima. Boksi hilo lilikuwa la Mbae peke yake. Bwana Ngatia alikuwa amemwambia kila mfanyakazi wa usafi kwamba atakayeligusa ataenda nyumbani siku hiyo hiyo, kwa kuwa kuna mmoja aliwahi kuzima friji za jikoni kwenye boksi la chini akitafuta swichi ya taa. Ndani swichi zilikuwa nyingi, zenye maandishi ya kalamu yaliyofutika. Wamucii hakujua ipi ni ya ishirini na saba. Alijua ile kubwa ya juu, nyekundu. Akaivuta chini kwa mikono miwili.

Orofa ikazimika. Ukumbi, ambao hauna dirisha, ukawa kijivu. Vilio vikatoka kila chumba.

"Ai! Stima imepotea!"

"Na mimi niko katikati ya sabuni!"

Wamucii alisikiliza yote hayo akitafuta kitu kimoja. Kisha akasikia kwamba wimbo umekoma. Hakujua umekoma kwa sababu ya giza au kwa sababu nyingine.

Alitaka kukimbia mlangoni kwa mzee, lakini nyayo zilikuwa zikipanda ngazi kuu, nzito, za haraka, na alijua ni nani na anakuja kufanya nini. Akabaki pale pale, mgongo kwenye boksi.

"Nani amezima?" Bwana Ngatia aliingia stoo akiwa na tochi ya simu. Nyuma yake alikuwa Ntinyari, mkono kifuani. "Mama Gicheru? Wewe? Toka hapo niwashe, wageni wanalia."

"Siwezi kutoka."

"Unasema?"

"Kuna mtu kwa bafu ya ishirini na saba. Ile shawa inapiga stima. Ukiwasha na yeye yuko chini ya maji, unamuua."

Mkono wa Ngatia ulikuwa umekwisha kunyooshwa. Alikuwa mtu wa haraka lakini hakuwa mtu mbaya. Mkono ulibaki hewani, mwanga wa simu ukiwa juu ya mashuka.

"Ishirini na saba? Nani alimpa mtu ishirini na saba?"

"Ni mimi," Ntinyari alisema, sauti imekauka. "Lakini Mama Gicheru aliniambia amefunga! Alinipigia, akasema, ishirini na saba nimefunga."

"Ndiyo nilifunga! Nilifunga kwa sababu imeharibika!"

"Kwetu kufunga ni kumaliza! Kule nilitoka, ukishaosha chumba unafunga, unaambia mapokezi umefunga, wanauza. Nilikushukuru hata!"

Kutoka ukumbini, mama mwenye nywele za sabuni alikuwa akigonga mlango wa Cucu Wakonyo kwa kiganja, akiita, na hakujibiwa.

"Simama hapa," Wamucii akamwambia Ntinyari. "Weka mgongo hapa mahali yangu iko. Hata akuje nani, usitoke. Hata Mbae. Umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia. Hakuna mtu anawasha."

"Hakuna mtu anawasha mpaka mimi nirudi na mdomo yangu."

Ngatia alikuwa tayari mlangoni. Alisukuma kwa bega mara moja, komeo likalia. Akarudi nyuma, akasukuma tena, na misumari ikang'oka pamoja na kipande cha mbao. Wamucii alipita chini ya mkono wake, akamsimamisha kwa kiganja. "Ngoja hapo, Bwana Ngatia. Ni mama anaoga."

Chumbani kulikuwa na mwanga hafifu kupitia pazia. Mkoba juu ya kitanda, viatu vimepangwa pamoja, leso imekunjwa. Mlango wa bafu ulikuwa wazi nusu na maji yalikuwa bado yanashuka, baridi sasa, yakipiga sakafu.

Cucu Wakonyo alikuwa amekaa kwenye sakafu, mgongo kwenye ukuta, taulo kifuani, mkono wa kulia ameukumbatia kwa wa kushoto kama kitu cha mtu mwingine. Macho yalikuwa wazi. Aliinua uso.

"Nani huyo? Mmenizimia taa na sabuni iko kwa macho."

Wamucii alipiga magoti majini. Alimshika mzee mabega, akamgusa shingo, akamgusa paji la uso, akamtazama vidole kimoja kimoja.

"Cucu, umeumia wapi?"

"Sema kwa nguvu."

"Umeumia wapi!"

"Hii mkono. Niliweka kwa ile mvua, nikasikia inanivuta kama ugonjwa yangu ya mifupa, ile ya baridi. Nikasema, hata Nyeri imenifuata. Nikakaa chini kidogo ipite, nijaribu tena. Halafu ndiyo mkazima."

Nijaribu tena. Wamucii alifunga bomba akiwa ameshika kitambaa kikavu, ingawa stima haikuwapo, kisha akamwinua mzee kwa kwapa na kumkalisha kitandani. Akamvika kila blanketi lililokuwapo.

Mbae alifika akiwa amelowa mafuta ya pampu. Alikwenda stoo, na Wamucii akamsikia Ntinyari akimkatalia kwa Kimeru, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru tena, mpaka Wamucii mwenyewe akaenda na kusema kwa mdomo wake kwamba mzee ametoka majini. Hapo ndipo Ntinyari alipotoka kwenye boksi. Mbae alitafuta swichi ya ishirini na saba, akaishusha, akaizungushia utepe mwekundu, kisha akawarudishia wengine stima. Makofi yakapigwa vyumbani.

Cucu Wakonyo alipelekwa hospitali kwa gari la hoteli, akinung'unika kwamba anakosa chai. Ngatia alibaki ukumbini akijipangusa uso.

"Hoteli imejaa," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Akirudi alale wapi? Mbae ameshakata stima ya shawa. Kitanda hakina shida. Tumletee maji ya moto kwa karai, alale hapo hapo."

Wamucii alijua kwamba mtu aliyekosa kama yeye siku hiyo afadhali angenyamaza. Alikuwa ameligusa boksi. Alikuwa amesema nusu ya maneno kwenye simu. Gicheru alikuwa chuoni, na wadogo zake watatu shuleni.

"Haiwezekani, Bwana Ngatia. Mlango hauna komeo, umeuvunja mwenyewe. Na hatujajua stima ilitokea wapi. Kama ni ile waya ya ardhini, ya kutoa stima inayovuja, pengine na bomba la sinki inayo. Chumba hakifungwi nusu. Alale na yule mwenzake wa jirani, chumba chake kina vitanda viwili."

Ngatia akamgeukia. "Na nani nimwambie arudi nyumbani leo? Wewe au huyu msichana?"

Ntinyari alikuwa amesimama nyuma yao, macho mekundu. Umri wake ulikuwa ule wa Gicheru.

"Mimi nilisema nusu," Wamucii alisema. "Na sikushuka kuchukua funguo. Yeye hajui neno letu, na hakuna mtu alimfunza. Ukiniambia nirudi, nitarudi. Lakini kwanza nipee ufunguo ya hii chumba."

Meneja alishuka ngazi. Baada ya kitambo alipanda tena, na ufunguo wa ishirini na saba ulikuwa mkononi mwake. Akampa Mbae, si Wamucii, mbele ya wote.

"Siku ngapi?"

"Kesho nifungue ukuta nione," Mbae alijibu. "Sisemi siku kabla ya kuona."

Wamucii alishuka na Ntinyari mpaka mapokezi, akasimama nyuma ya meza, mahali ambapo mfanyakazi wa usafi huwa hasimami. "Sasa andika nikiona. Ishirini na saba haiuzwi."

Ntinyari aliandika kwenye kompyuta. "Haiuzwi. Sababu?"

"Shawa inapiga stima. Komeo imevunjika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mbae aseme imepona na mimi niseme nimeona. Wote wawili. Akisema mmoja, bado."

Kisanduku kidogo cha ishirini na saba kwenye kioo kikawa chekundu. Wakati huo simu ya hospitali iliingia: moyo wa mzee ulikuwa unapiga vizuri, angelala huko hadi asubuhi aangaliwe, na alikuwa anauliza ni nani amechukua leso yake. Ntinyari aliweka simu chini akalia kwa sauti. Wamucii alimshika kichwa akakiegemeza kwenye aproni yake iliyolowa.

Kesho yake Mbae alifungua ukuta akakuta waya wa ardhini haukuwa umeshikwa na kitu, umeliwa na kutu, na ndani ya shawa chuma cha kuchemshia maji kilikuwa kimepasuka. Alibadilisha shawa, akavuta waya mpya, akaweka swichi inayojikata yenyewe stima ikivuja, na akakagua shawa zote za orofa ile. Mbili nyingine zikafungwa. Alipomaliza alimwita Wamucii, akapima mbele yake kwa kipimo chake, mara ya kwanza na mara ya pili.

"Imepona," alisema. "Kagua nawe, ndipo ufungue."

Wamucii alianzia mlangoni. Komeo jipya, akalifunga na kulifungua. Swichi, soketi, dirisha, dari. Alifika bafuni, akafungua maji, akatoka, akawasha taa nyekundu, akarudi. Mkono wake ulikataa kwenda. Ulisimama karibu na maji, mvuke ukiupanda, na haukwenda.

Simu ya chumbani ikalia. Ntinyari.

"Mama Gicheru, niko na mgeni hapa amesimama. Ishirini na saba?"

"Haiuzwi bado."

"Sawa. Namwambia haiuzwi bado."

Aliweka simu chini. Mbae alikuwa akimtazama, haharakishi. Wamucii alirudi bafuni, akauma midomo, akaupeleka mgongo wa mkono chini ya maji. Yalikuwa moto tu. Akauacha pale, akaugeuza kiganja, akauacha tena, mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Kisha aliita msichana aje apanguse sakafu na abadilishe shuka zilizoguswa na vumbi la ukuta, akachukua ufunguo kwa Mbae, akashuka mwenyewe kwa ngazi mpaka mapokezi kusema ishirini na saba inauzwa.